Ripoti ya Udongo Inayosomeka: Kutoka Shimo la Uchunguzi hadi Kina cha Msingi

Kamati ya ujenzi ya kata inapokabidhiwa ripoti ya uchunguzi wa udongo, jambo la kwanza inalolitafuta ni namba moja: msingi uchimbwe mita ngapi. Namba hiyo ndiyo inayoamua mifuko ya saruji, tripu za mawe na kokoto, siku za vibarua na, mwisho wa yote, kiasi cha mchango wa kila kaya. Mara nyingi namba hiyo imefichwa nyuma ya kurasa nyingi za majedwali ya maabara, nayo imefungwa ndani ya sentensi ya namna hii: "Misingi ifikishwe kwenye tabaka lenye uwezo wa kutosha." Kitaalamu sentensi hiyo haina kosa. Kwa mwenyekiti wa kamati aliyesimama kando ya mtaro huku fundi akimsubiri, haisemi kitu.

Ripoti ya udongo huandikwa na mhandisi, lakini inalipiwa na mteja, na katika miradi ya kata mteja ni wananchi wenyewe. Wana haki ya kupewa ripoti wanayoweza kuifuata kuanzia kilichotoka shimoni hadi kinachopendekezwa. Makala haya yanaonyesha jinsi ripoti ya aina hiyo inavyopangwa, kwa kufuata mfano mmoja. Vipimo vya mfano huu vimetungwa kwa ajili ya maelezo, ila hali inayoelezwa ni ya kawaida katika maeneo ya mbuga ya Shinyanga na Simiyu, na kwingineko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi.

Kata inataka kujenga jengo la madarasa la ghorofa moja juu, lenye urefu wa mita 36 na upana wa mita 12. Kiwanja kimetolewa na kijiji pembezoni mwa mbuga, na kinateremka kidogo kuelekea magharibi. Ramani iliyoletwa ni ya kawaida, ile inayotumika katika kata nyingine, nayo inaonyesha msingi wa mita 1. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, yamechorongwa mashimo manne ya uchunguzi, moja katika kila pembe, kila moja likiwa na kina cha mita 8.

Kinachosemwa na shimo

Kila shimo hupewa karatasi yake katika ripoti. Karatasi hiyo ni kama picha ya shimo lililopasuliwa kwa urefu: juu ni uso wa ardhi, na kadiri jicho linavyoshuka, ndivyo matabaka yanavyofuatana. Katika shimo la kwanza, udongo mweusi wa mfinyanzi wenye nyufa unashuka hadi mita 1.6. Chini yake inaanza changarawe nyekundu iliyoshikamana, na kuanzia mita 5 unakutwa mwamba uliooza. Shimo la pili na la nne yanafanana nalo, changarawe ikianza mita 1.7 na mita 1.8. Shimo la tatu, lililo pembe ya magharibi, linatofautiana: udongo mweusi unashuka hadi mita 2.9.

Maneno yanayoeleza udongo katika karatasi hizo hayachaguliwi ovyo, na ripoti nzuri hulisema hilo mapema. Mhandisi anapoandika kuwa mfinyanzi ni "laini", ana maana kuwa unafinyangika kwa kubonyezwa kidogo na vidole. "Ulioshikamana" unahitaji nguvu za vidole ndipo ufinyangike. "Mgumu" haufinyangiki tena, bali dole gumba huacha alama tu, na "mgumu sana" hukubali alama ya ukucha peke yake. Mstari mmoja wa maelezo hayo humwezesha mjumbe yeyote wa kamati kushika donge la udongo wa kiwanjani na kulilinganisha na kilichoandikwa.

Pembeni mwa matabaka huwa kuna safu ya namba zinazoitwa N. Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, ingawa kipimo chenyewe ni rahisi. Bomba nene la chuma hushushwa hadi chini ya shimo, kisha hugongwa kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoachiwa ianguke kutoka sentimita 76. Mapigo huhesabiwa mpaka bomba lizame sentimita 45. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza hayatiwi hesabuni, kwa kuwa udongo wa hapo umekwisha kuvurugwa na uchorongaji. Mapigo ya sentimita 30 zilizobaki ndiyo N. Namba ikiwa kubwa, bomba limezama kwa shida, na kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba udongo ni imara.

Kwa kawaida, lakini si kila mara. Katika mfano huu, kipimo kilichofanyika mita 1 chini ya ardhi katika shimo la kwanza, ndani ya udongo mweusi, kimetoa N ya 24. Kipimo cha mita 2.5, ndani ya changarawe nyekundu, kimetoa 31. Mjumbe makini atakayelitazama jedwali hilo atauliza swali la haki kabisa: ikiwa udongo wa juu una 24 na wa chini una 31, kwa nini kata ichimbe mita nyingine nzima kwa ajili ya mapigo saba?

Ripoti isiyojibu swali hilo imeshindwa kazi yake, hata kama kila namba iliyomo ni sahihi. Jibu ni kwamba 24 ile ni namba ya Septemba. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hugeuka kama tofali: hupasuka nyufa ambazo mkono huweza kuingia, na nyundo huugonga kwa shida. Mvua zikija, udongo huohuo hunywa maji, huvimba na kulegea. Ushahidi umo ndani ya ripoti yenyewe, katika shimo la tatu. Pale, kwenye kina cha mita 2.5, udongo ni uleule mweusi, ila jua la kiangazi halikufika, nao una unyevu. N yake ni 7. Mwandishi wa ripoti anapaswa kuziweka namba hizo mbili jirani, 24 na 7, na kueleza waziwazi kuwa ni udongo mmoja katika hali mbili. Jedwali lililopangwa kwa mfuatano wa mashimo tu huziacha katika kurasa tofauti, na hakuna atakayeziona pamoja.

Kipimo kimoja cha maabara hukamilisha maelezo hayo, na kinafaa kuelezwa kuliko kutajwa tu. Udongo uliokaushwa na kuchekechwa, ujazo wa sentimita 10 za ujazo, humwagwa polepole katika mtungi wa kioo wenye maji na alama za vipimo. Ukishatulia, ujazo wake husomwa upya. Ukisomeka sentimita 20 za ujazo, umevimba kwa asilimia 100, na udongo unaofikia kiwango hicho huhesabiwa kuwa wa kutiliwa mashaka chini ya majengo mepesi. Udongo mweusi wa mfano huu umefika 21. Changarawe nyekundu haikuongezeka kitu cha kutajwa. Kwa msomaji asiye mtaalamu, mitungi miwili hiyo inaeleza mengi kuliko ukurasa mzima wa viwango vya unyumbufu. Majedwali kamili yanaweza kubaki kwenye kiambatisho kwa ajili ya mhandisi atakayesanifu jengo.

Mstari kati ya shimo na shimo

Baada ya karatasi za mashimo hufuata mchoro wa mkato, yaani picha ya ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu kutoka shimo moja hadi jingine. Kwa kamati, huu ndio ukurasa wenye thamani kubwa kuliko kurasa zote, na ndio unaoweza kupotosha zaidi.

Kilichoonekana kwa macho ni kile kilichotoka ndani ya mashimo. Mstari unaounganisha changarawe ya shimo la kwanza na ya shimo la pili ni makadirio ya mhandisi. Shimo la kuchorongwa lina kipenyo cha takribani sentimita 10. Mashimo yote manne yakiwekwa pamoja, eneo lake ni sawa na nusu ya karatasi moja ya barua ya A4, ilhali jengo litakalia mita za mraba 432. Kwa sababu hiyo mistari ya makadirio huchorwa kwa vidoti, na ile ya ndani ya shimo kwa wino uliokoza. Ripoti inayochora yote kwa mstari mmoja mnene inamfanya mteja aamini kuwa ardhi nzima imefunguliwa na kutazamwa.

Vipimo vya mchoro navyo vina hila yake. Urefu wa jengo ni mita 36 na kina cha mashimo ni mita 8, hivyo wachoraji hukuza wima ili matabaka yaonekane. Mteremko mdogo wa changarawe huonekana kama genge. Sentensi moja chini ya mchoro, ikieleza kuwa wima umekuzwa mara tatu au tano, inatosha kuondoa taharuki. Inafaa pia msingi unaopendekezwa uchorwe papo hapo, juu ya matabaka, pamoja na ule wa mita 1 wa ramani ya awali. Kamati itaona kwa macho kwamba msingi wa ramani unaelea wote ndani ya udongo mweusi, na kwamba ule unaopendekezwa unakanyaga changarawe.

Kuhusu shimo la tatu, mchoro unaonyesha bonde lililofukiwa. Mtambo wa kuchoronga hauwezi kueleza bonde hilo limetokea vipi. Wazee wa kijiji wanaweza. Katika viwanja vya aina hii si ajabu mzee akakumbuka kuwa palikuwa na korongo lililojaa tope miaka mingi iliyopita, au kwamba kila masika maji husimama upande fulani. Taarifa hiyo inastahili kuandikwa katika ripoti na kupewa jina lake halisi, yaani maelezo ya wenyeji, mbali na kilichopimwa. Vivyo hivyo kuhusu maji ya ardhini. Kuandika "maji hayakuonekana" bila kutaja mwezi ni nusu ya ukweli. Hayakuonekana hadi mita 8 mwezi Septemba. Aprili ni habari nyingine.

Pendekezo linaloweza kutekelezwa

Sasa inakuja ile namba. Ripoti ya mfano huu inasema kuwa changarawe inaweza kubebeshwa kilopaskali 200. Kipimo hicho hakina maana kwa wananchi mpaka kigeuzwe: ni takribani tani 20 kwa kila mita moja ya mraba. Nguzo inayoshusha tani 40 inahitaji kitako cha zege chenye mita 2 za mraba, na kitako cha mita 1.5 kwa mita 1.5 kinatosha kikiwa na ziada kidogo. Lakini 200 hiyo ni ya changarawe, kwenye kina chake. Haihami kwenda juu. Kosa linalotokea mara kwa mara ni namba hiyo kunakiliwa katika michoro ya jengo bila kina chake, kisha mtu mwingine, kwa nia njema ya kubana matumizi, akapandisha msingi hadi mita 1 na kuendelea kuhesabu tani 20 zilezile juu ya udongo mweusi.

Kwa hiyo pendekezo huandikwa kwa maneno ambayo fundi anaweza kuyathibitisha kwa jembe. Badala ya "tabaka lenye uwezo wa kutosha", sentensi isomeke hivi: vitako vya nguzo vikae juu ya changarawe nyekundu iliyoshikamana, angalau sentimita 20 ndani yake, na kina kisipungue mita 2.0 kutoka uso wa ardhi ya sasa. Karibu na pembe ya magharibi kina kinatarajiwa kufika mita 3.1, popote udongo mweusi utakapoendelea kuonekana kwenye kina hicho, uchimbaji uendelee, na mhandisi aitwe kabla ya zege kumwagwa. Sentensi hiyo ina rangi, ina kina, ina tofauti ya pembe moja, na inasema la kufanya ardhi isipofanana na karatasi. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa mara nyingi.

Pendekezo pia linapaswa kueleza hasara ya kutolifuata, bila vitisho. Msingi wa mita 1 usingeporomoka siku ya kukabidhiwa jengo. Udongo wa pembeni ungenyonya maji ya masika na kuvimba, wakati ule wa katikati, uliofunikwa na jengo, ungebaki mkavu. Kingo zingeinuliwa, na kiangazi zingeshuka tena. Baada ya misimu kadhaa, nyufa za mshazari zingetokea kwenye pembe za madirisha na milango, na milango ingeanza kugoma kufunga. Dalili ya udongo unaovimba ni kwamba nyufa hizo hupanuka na kujifunga kulingana na msimu. Nyufa za jengo linalodidimia tu hupanuka bila kurudi.

Ripoti isiishie kwenye nguzo. Yapo majengo ambayo kuta zake zimesimama salama juu ya changarawe, ilhali sakafu imebinuka katikati ya darasa kwa kuwa iliwekwa moja kwa moja juu ya udongo mweusi. Sakafu ni nyepesi kuliko kuta, na kwa hiyo huinuliwa kwa urahisi zaidi. Katika mfano huu mhandisi anatoa njia mbili. Ya kwanza ni kuuondoa udongo mweusi chini ya sakafu na kujaza changarawe iliyoshindiliwa kwa matabaka membamba. Ya pili ni kuijenga sakafu ya zege yenye nondo ikibebwa na mikanda ya chini, ikiwa imeachiwa uwazi juu ya udongo ili uvimbe bila kuigusa. Udongo mweusi uliochimbwa usirudishwe kuzunguka msingi, hata kama uko karibu na hauna gharama. Maji ya paa yapelekwe mbali na kuta, na tangi la kuvuna maji lisiwekwe mahali ambapo likifurika litalowesha pembe moja ya jengo.

Ripoti ya udongo kwa kawaida haitaji bei, ila inaweza kutoa ujazo, na ujazo huondoa ubishi mwingi. Jengo la mfano lina nguzo 24, na nne kati yake ziko upande wa shimo la tatu. Kuvishusha vitako ishirini kutoka mita 1 hadi mita 2, na vinne hadi mita 3.1, kunaongeza mita za ujazo 64 hivi za kuchimba, bila kuhesabu nafasi ya fundi kusimama. Zege linaloongezeka ni la vipande vya nguzo tu. Nguzo zikiwa na upana wa sentimita 30 kila upande, hilo halifiki mita 3 za ujazo. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ya ziada ni jembe na sepetu, kazi ambayo wananchi wanaweza kuichangia kwa nguvu zao. Kamati iliyodhani kuwa kina mara mbili ni gharama mara mbili huweza kubadili msimamo kwa mstari huo mmoja. Kama jengo lingekuwa la msingi wa mawe unaozunguka kuta zote, hesabu ingekuwa nyingine kabisa, kwa maana mawe yangeongezeka mtaro mzima.

Nguvu za wananchi zina sharti moja ambalo ripoti haina budi kulitaja. Shimo la mita 2, achilia mbali la mita 3.1, halichimbwi kwa kuta zilizosimama wima bila kuegemezwa mbao au kulazwa pembeni. Udongo mweusi mkavu una nyufa, na pande zake humeguka kwa mabonge bila dalili. Udongo uliochimbwa urundikwe mbali na ukingo, na mtu asiingie shimoni akiwa peke yake.

Mambo haya yote, kilichoonekana, kilichopimwa, kilichokadiriwa na kinachopendekezwa, yanaweza kuenea katika ukurasa mmoja wa Kiswahili mwanzoni mwa ripoti, pamoja na mchoro wa mkato. Sehemu ya kitaalamu itabaki nyuma kwa ajili ya wahandisi. Wakati mzuri wa kuuomba ukurasa huo ni kabla mtaalamu hajapewa kazi, kwa kuuandika katika hadidu za rejea, maana ripoti ikishalipiwa ni vigumu kuirudisha. Ripoti iwe na jina na saini ya mhandisi aliyesajiliwa. Iseme pia nani atakayekuja kukagua mashimo ya msingi yakishachimbwa, na apewe taarifa siku ngapi kabla.

Siku ya ukaguzi huo, mjumbe wa kamati anaweza kushuka na ukurasa wake mkononi. Atatazama kama chini ni nyekundu, atapima kina kwa futi ya mkononi kutoka uso wa ardhi ya asili na si kutoka juu ya rundo la udongo uliochimbwa, na atabonyeza kwa dole gumba. Akikuta weusi katika shimo la nguzo ya sita, mahali ambapo mstari wa vidoti ulitarajia changarawe, zege husubiri.